Dada Afisa Lishe, hizi gramu 75 nitaziingiza wapi?

Dada Afisa Lishe,

Habari za kazi, na pole na wagonjwa. Mimi ni yule fundi cherehani uliyemwandikia 75 nyuma ya kadi ya kliniki ukaizungushia duara. Nakuandikia kwa sababu siku ya kliniki foleni ni ndefu, na maswali yangu yana hesabu ndani yake. Hesabu za chakula huwezi kuzimaliza umesimama mlangoni huku mwenzio nyuma anakohoa ili utoke. Binti yangu atakuletea barua hii akija kunichukulia dawa, nawe utaisoma ukipata nafasi.

Nikukumbushe kidogo, maana mafaili yako ni mengi. Vidonda vya tumbo vilinisumbua miaka mingi mpaka makovu yake yakaziba njia ya kutokea chakula. Ikafika mahali naweza kutapika leo maharage niliyokula jana, yakiwa mazima. Daktari wa upasuaji akaondoa sehemu ya chini ya mfuko wa tumbo, na iliyobaki akaiunganisha na utumbo mwembamba. Kabla ya kuumwa nilikuwa na kilo 63, nikatoka wodini na kilo 50. Wewe ukachukua hizo 50, ukazidisha kwa gramu moja na nusu ya protini, ikaja 75 kwa siku. Ulinieleza kwamba mtu mzima mwenye afya anatosheka na gramu 0.8 kwa kila kilo, kwa hiyo kwangu zingekuwa 40 tu, ila mwili unaofunga jeraha na uliokuwa ukijila wenyewe kwa miezi unadai zaidi. Hapo nilikuelewa vizuri.

Shida imeanzia nyumbani. Dada yangu, ndiye anayenipikia, aliposikia gramu 75 alicheka. Akasema hicho ni kipande kimoja cha nyama, tena kidogo, mtu anakimaliza kwa matonge mawili. Ikabidi mpwa wangu anayesoma chuo atufungulie lile jedwali la virutubisho vya vyakula vya Tanzania la 2008, tukae naye mezani na mizani ya jikoni aliyoiazima. Nyama ya ng'ombe mbichi gramu 100 ina protini kama gramu 20 tu; sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji, kisha mafuta. Kwa hiyo kile kipande cha dada cha gramu 75, kikiwa kibichi, kinanipa protini 15. Ili nifikie hesabu yako kwa nyama peke yake ningehitaji karibu gramu 375 kila siku, na mfuko wangu wa sasa unajaa kwa kikombe kimoja. Dada akanyamaza, akaanza kuosha vyombo.

Tukaandika siku nzima jinsi nilivyokuwa nakula, bila kupamba. Asubuhi kikombe cha uji wa lishe: protini 5. Saa nne kikombe cha supu ya mifupa iliyochujwa: tukaipa 3, na mpwa wangu akasema hata hizo ni za upendeleo. Mchana ugali mdogo, maharage nusu kikombe na mchicha: 3, na 7, na 2. Jioni wali kidogo na kipande chembamba cha sato: 3 na 10. Kabla ya kulala chai yenye maziwa nusu kikombe: 4. Jumla ikawa 37. Yaani kutwa nzima watu wananilisha, kila mgeni anayekuja kunijulia hali ananikuta na kikombe mkononi, na bado sijafika hata nusu ya ulichoniandikia.

Kilichonishangaza zaidi ni supu. Huku kwetu mtu akitoka kupasuliwa supu ndiyo dawa, na mimi sina ugomvi nayo, inapasha moto na inarudisha chumvi. Lakini inachukua nafasi ya kikombe kizima tumboni ikaacha gramu tatu, tena nyingi ni za ile ute ya mifupa ambayo ulisema haitoshi kujenga misuli ikiwa peke yake. Nyama yenyewe iliyokuwa ndani ya sufuria walikuwa wanakula watoto, mimi nachujiwa maji. Sasa tumegeuza: nyama inasagwa au kuchambuliwa nyuzi nyuzi nakula mimi, na supu anayeitaka anywe.

Uji nao una kesi yake, na hapa nataka ushauri wako hasa. Kila mtu anayenitembelea anasema kunywa uji upate nguvu, weka sukari, weka maziwa. Nikinywa kikombe cha uji wenye sukari kwa mkupuo, kabla hata nusu saa haijaisha moyo unaanza kwenda mbio, jasho linanitoka mgongoni, tumbo linakoroma, nalazimika kulala chini kisha nakimbilia chooni. Muuguzi wa wodini alinieleza kwamba mlango wa chini wa tumbo haupo tena, kwa hiyo kitu kitamu cha majimaji kinashuka chote kwa pamoja kwenye utumbo mwembamba, utumbo unavuta maji kutoka kwenye damu ili kukipunguza makali, na hapo ndipo mwili unapohangaika. Kuna siku nyingine hali inakuja baadaye, kama saa mbili hivi tangu nile: kutetemeka, njaa ya ghafla, macho kuona kiza. Hiyo alisema ni sukari ya damu imepanda haraka kisha ikaporomoka.

Tangu nipunguze sukari, nile kidogo kidogo mara sita, na ninywe maji nusu saa kabla ya chakula au nusu saa baada yake, hali hiyo imepungua sana. Lakini unaona inavyonibana, dada. Vyakula vyote rahisi vya kumwongezea mgonjwa protini ni vya kunywa: maziwa, uji wa soya, yale maziwa ya unga ya kopo. Na mimi cha kunywa ndicho kinanitupa chini. Maziwa fresh nikinywa kikombe kizima yananijaza gesi na kunifungulia tumbo, ingawa zamani nilikuwa nakunywa bila shida. Mtindi usio na sukari unakaa, hasa nikiula kwa kijiko taratibu. Je, hiyo ni kawaida kwa mtu aliyepasuliwa kama mimi, na itaisha, au maziwa ndiyo nimeagana nayo?

Huu hapa mpangilio wa sasa, nimeuandika ulivyo ili uusahihishe kwa kalamu yako. Saa moja asubuhi yai moja la kuchemsha na nusu slesi ya mkate: 8. Saa tatu mtindi glasi ndogo ya mililita 200: 6. Saa sita sato gramu 60 baada ya kuiva, bila miiba, na ugali kiasi cha matonge matatu: 17. Saa tisa kiazi kitamu kidogo na vijiko viwili vya chakula vya siagi ya karanga: 8. Saa kumi na mbili jioni dagaa gramu 25 na wali kidogo: 16. Saa tatu usiku mtindi tena: 6. Jumla 61. Nimezihesabu mara nyingi, mpwa wangu naye kazihesabu, zinabaki 14 hazina pa kukaa.

Nikueleze kuhusu dagaa, maana ndio walionitoa 37 hadi hapo, na nadhani wagonjwa wako wengine wa huku ziwani wangeweza kuwatumia. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, kwa sababu maji yote yameachwa juani. Gramu 25 zinanipa kama 14, na hizo ukizishika ni kiganja kimoja tu. Tatizo lao ni mawili, mchanga na ukavu. Dada anawachambua kwanza kwenye ungo, anatoa vichwa, kisha anawaosha kwa maji ya vuguvugu, anawapepeta ndani ya maji na kumwaga, anarudia mpaka akipitisha kidole chini ya beseni hasikii chembe. Anawaanika tena wakauke, anawakaanga bila mafuta kwenye moto mdogo hadi wavunjike kwa vidole, anawatwanga kwenye kinu na kuwachekecha. Unga wake unaingia kwenye mchuzi wa nyanya, kwenye mchicha, hata kwenye viazi vya kuponda, na haujazi tumbo kama dagaa wazima. Mizani ilipokwenda kwa mwenyewe tulipata njia nyingine: tunapima robo kilo sokoni kwa muuzaji, nyumbani tunaigawa mafungu kumi yaliyo sawa, kila fungu ni gramu 25 na ni la siku moja. Ila anayefanya hivyo apime wakiwa wamekauka kabisa. Kuna wauzaji wanaonyunyizia maji ili wazidi uzito, na dagaa mwenye unyevu ukimfinya hapasuki, anapinda.

Swali juu yao: wana chumvi na ladha kali, na mimi natumia dawa ya kupunguza asidi. Je, kuwala kila siku kuna ubaya wowote kwenye lile shono la ndani?

Maharage nimeyaondoa kwa muda, na naomba uniambie kama nimefanya haraka. Jedwali linasema maharage yana protini gramu 22 kwa kila 100, na dada aliposikia hivyo alitaka kunipikia kila siku. Lakini hizo ni za maharage makavu. Yakishapikwa yanakunywa maji, gramu 100 za kwenye sahani zinabaki na 8 au 9 tu, na nusu kikombe chenye 7 kinanijaza kiasi kwamba mlo unaofuata unachelewa. Kiganja cha dagaa kinanipa mara mbili ya hapo. Sijayachukia, na najua si kila nyumba inaweza kununua samaki kila siku. Naomba tu kujua ni lini niyarudishe, na kama choroko zilizokobolewa zingekuwa nyepesi zaidi kwa tumbo kama langu.

Jambo jingine ni ugali. Nilipoona kwamba unanipa gramu mbili tatu tu, wazo la kwanza lilikuwa kuuacha kabisa ili samaki apate nafasi. Mpwa wangu akanikumbusha ulichosema wodini, kwamba mwili usipopata nguvu ya kutosha kutoka kwenye wanga na mafuta, unachoma protini kama kuni na jeraha halipati kitu. Basi nimebakiza matonge matatu, na nimeongeza kijiko cha mafuta kwenye mchuzi. Lakini sijui mpaka wenyewe uko wapi. Kwa mtu wa kilo 50 anayetaka kurudi angalau 57, ni wanga kiasi gani kwa mlo ambao hautanipeleka kwenye lile jasho? Kama una kipimo cha mkono, ngumi au kiganja, nipe hicho. Mizani hatuna.

Sasa zile 14 zilizobaki. Tumefikiria njia tatu, na kila moja ina kasoro yake.

Njia ya kwanza ni kuongeza yai la pili asubuhi na la tatu usiku, zinapatikana 12. Kwenye daftari ni rahisi. Mdomoni, yai la pili asubuhi linakaa kifuani kama jiwe, na nikilazimisha nakosa hamu ya mtindi wa saa tatu. Nikipata 6 huku napoteza 6 kule. Nimejaribu kula ute mweupe peke yake, maana ndiyo unaobeba zaidi ya nusu ya protini ya yai na hauna mafuta. Unapita vizuri zaidi, lakini dada anaona kiini kinapotea bure na hana furaha.

Njia ya pili ni maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Kijiko cha chakula kilichojaa kina kama gramu nane za unga, na protini karibu 3. Nikikoroga vijiko viwili ndani ya kila mtindi, kwa siku nimeongeza 11 au 12, na glasi haijawa kubwa zaidi. Kwa ujazo hii ndiyo bora kuliko zote tulizoziona. Hofu yangu ni ile sukari ya maziwa. Kama kikombe cha maziwa fresh kinanifungulia tumbo, je, unga huu si ndiyo maziwa yale yale yaliyokolezwa? Nilitaka kujaribu kwa kijiko kimoja kwanza, mchana nikiwa nyumbani, lakini nimeona nikuulize kabla.

Njia ya tatu ni makopo ya dukani. Kijana wa jirani anayenyanyua vyuma ameniletea kopo lake, kijiko kimoja kikubwa kimeandikwa gramu 24 za protini. Namba inatamanisha, kijiko kimoja tu na siku imekwisha. Pia duka la dawa lina kopo la lishe ya wagonjwa. Hilo nililisoma kwa miwani: gramu 100 za unga zina protini 16, lakini kipimo cha glasi moja ni gramu 55, kwa hiyo glasi nzima inanipa 9 hivi, na kwenye orodha ya viambato sukari ni ya pili. Muuzaji yeye alikuwa ananitajia ile 16. Naomba uniambie wazi: lile kopo la wanyanyua vyuma lina ubaya kwa mtu aliyetoka kupasuliwa? Na kama halina, naweza kuligawa kijiko nusu nusu ndani ya mtindi badala ya kulinywa na maji?

Mama mkwe wangu ana hofu nyingine. Anasema protini nyingi zinaua figo, na kuna ndugu yao alikatazwa nyama na maharage hospitali. Nimemweleza kwamba huyo tayari figo zilikuwa zimechoka, na kwamba gramu 75 si nyingi kwa mtu mwenye figo nzima. Lakini mimi nina presha ya miaka kadhaa, na siku zile za kutapika nilikaushwa maji mpaka mkojo ukawa wa rangi ya chai. Nakumbuka walichukua damu ya kupima kreatinini kabla ya upasuaji, majibu sikuyaona. Tafadhali yaangalie kwenye faili kabla hujanijibu, na kama kipimo ni cha kurudia, mpe binti yangu karatasi ya maabara siku hiyo hiyo.

Uliniuliza pia niwe naangalia nini kujua kama chakula kinafanya kazi. Uzito peke yake umenidanganya. Kuna wiki nilipanda kilo moja na nusu, nyumba nzima ikashangilia, kisha nikaona alama ya soksi imebaki imezama kwenye kifundo cha mguu. Nilipobonyeza kwa kidole shimo likakaa. Yalikuwa maji. Yalipokwisha, uzito ukarudi pale pale. Siku hizi nabonyeza miguu kwanza ndipo napanda mizani ya duka la dawa, asubuhi, na gauni lile lile.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni mkasi. Mkasi wangu wa kukatia ni mkubwa, wa chuma, na kabla ya kuumwa nilikuwa nakata jinzi lililokunjwa mara nne bila kufikiri. Nilipotoka hospitali hata kitenge kimoja nilikuwa nakishika kwa mikono miwili. Tangu tubadili milo nakata kitenge kilichokunjwa mara mbili kwa mkono mmoja, ingawa kidole gumba kinatetemeka nikifika mwisho wa mstari. Jinzi bado. Kule wodini nilimwona mwenzako akimpa mgonjwa kifaa akikamue kwa kiganja, akaandika namba. Kama kifaa hicho kipo kliniki, naomba na mimi nikikamue, tuwe na namba ya kuanzia. Jeraha la nje limefunga, limebaki sehemu ndogo ya juu kitovuni inayotoa unyevu kidogo, hauna harufu. Nimeona niitaje.

Kliniki yangu ni Alhamisi, na nitakuja na daftari. Katika yote niliyouliza, mawili ndiyo ya haraka: maziwa ya unga kwenye mtindi, ndiyo au hapana, na kama figo zinaruhusu. Ukiona 61 zinatosha kwa sasa mpaka tumbo lizoee, niandikie hivyo kwenye kadi, na uandike ni kilo ngapi nikishuka chini yake nisisubiri kliniki.

Wako,
Mama Fundi, upasuaji wa tumbo